Mstari Niliokataa Kuuchora

Mimi hasira zangu ziko karibu. Sijisifu, nasema tu ili mtu aelewe yaliyonipata. Mama yangu alikuwa akinikanya tangu nikiwa binti mdogo kule Kasulu: mwanangu, wewe unasema kwanza halafu ndiyo unaangalia. Nikamjibu kwamba kazi yangu mimi ni kuangalia, nalipwa kwa kuangalia. Nilikuwa nimeshaajiriwa wakati huo, napiga picha za eksirei katika hospitali ndogo pembeni ya Kibondo, na kiburi kilikuwa kinanitosha mimi na jirani zangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wamejaa, malori ya mahindi ya msaada hayaishi barabarani, vumbi jekundu mpaka kwenye uji. Mashine yetu ilikuwa moja, ya zamani, inategemea jenereta, na jenereta lenyewe linategemea dizeli na maombi. Chumba cha giza kilikuwa zamani stoo ya maharage. Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa za kuoshea filamu, puani inanijia na harufu ya maharage. Filamu zilikuja kwa kudunduliza, kwa hiyo nilizibana. Ukija na goti, unapigwa goti. Hukuja na goti ukapigwa na nyonga juu yake kama nyongeza ya sokoni.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza dagaa, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, nikimwita dada na yeye akiniita mdogo wangu. Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili hivi, mnene, mpole, ameanza kurefuka ghafla kama watoto wa umri ule wanavyofanya. Aliniita mama mdogo. Mwaka ule alianza kuchechemea. Alisema goti la kulia linamuuma, na hasa jioni, baada ya kuchota maji. Mama yake akasema ni uvivu. "Goti gani linalouma likiona ndoo tu?" alikuwa akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwangu, nami nacheka.

Alimleta hospitali hata hivyo. Tabibu wetu akaandika goti, nikapiga goti. Goti lilikuwa safi, mifupa imekaa vizuri. Tabibu akampa vidonge vya maumivu, akasema mtoto anakua, yataisha. Tukarudi nyumbani pamoja watatu, mtoto nyuma yetu, mguu wake wa kulia umeelekeza vidole nje, pembeni. Nilikuwa nimegeuka kumhimiza atembee haraka, kwa hiyo niliuona ule mguu. Niliuona nikaendelea na habari za bei ya sabuni.

Wiki chache baadaye mama yangu alipanda lori akaja kunitembelea kutoka Kasulu. Kwetu Buha salamu si jambo la kupita nalo. Mtoto wa kike akimkuta mkubwa anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe hata kama ng'ombe hawapo, na mkubwa anajibu moja moja. Mama yangu alikuwa mtu wa salamu ndefu. Alikuwa amekaa mkekani mlangoni kwangu, yule binti akaja kuleta kibakuli cha dagaa alichotumwa. Akasimama wima. Akasema, "Shikamoo bibi," akapiga makofi mawili, basi.

Mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Mwakeye," akamjibu kwa Kiha, akasubiri. Mtoto hakushuka. Mama akanigeukia. "Huyu wa wapi, anasalimia kama askari?"

Loo, niliona aibu. Mbele ya mama yangu, mlangoni kwangu! Nikamfokea: "Wewe, magoti yako yako wapi? Piga magoti!"

Akajaribu. Nakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Alishika ukingo wa mlango, akaanza kushuka, na kadiri alivyokunja mguu wa kulia ndivyo goti lilivyomkimbilia nje, pembeni, halitaki kabisa kwenda mbele. Jasho likamtoka. Akabaki ameinama hivyo, si magotini si wima, machozi yanadondokea kibakuli. Mama yangu akasema mwacheni, mwacheni, mtoto atamwaga dagaa. Yule binti akaondoka akichechemea. Nikamwambia mama kwamba watoto wa siku hizi wamedekezwa.

Lakini sikutulia. Nilikuwa naosha vyombo naona lile goti. Nasuka nywele naona lile goti. Nilijua nimewahi kuambiwa jambo kuhusu goti linalokimbilia nje, na nilijua aliyeniambia, na ndiyo maana sikutaka kulikumbuka.

Aliyeniambia alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, mzee mmoja mkali aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kasulu. Alituita siku moja, sisi wapiga picha wa vijijini, atufundishe. Akatuambia: mtoto wa miaka kumi mpaka kumi na mitano akilalamika goti, na goti ni zima, panda juu ukaangalie nyonga, maana maumivu ya nyonga husafiri yakajisemea gotini. Akatuambia katika umri ule kichwa cha mfupa wa paja hakijaungana na shingo yake. Katikati kuna tabaka laini la kukulia, na tabaka hilo likichoka, shingo huteleza kwenda mbele na juu, kichwa kikabaki nyuma kwenye kikombe chake cha nyonga. Kama kifuniko cha chungu kilichosogea, alisema. Kikisogea kidogo, mtoto anachechemea, na akikunja mguu goti linamkimbilia nje. Kikisogea ghafla chote, mishipa ya damu inaweza kukatika, kichwa kikafa, na mtoto akawa kilema wa maisha.

Akaning'iniza picha, akaniuliza mimi ninaona nini. Nikasema sioni kitu, pande zote ziko sawa. Akasema mbele ya watu wote, "Wewe unaangalia, huoni." Akachukua penseli ya nta na rula, akachora mstari kwenye ukingo wa juu wa shingo ya paja, akaurefusha mpaka kichwani. "Kwenye nyonga nzima mstari huu lazima ukate kipande cha kichwa. Ukipita juu bila kukigusa, kichwa kimeteleza. Chora, usikisie kwa macho."

Wenzangu wakacheka. Nilirudi Kibondo nimevimba. Nikaapa moyoni kwamba sitachora mstari wa yule mzee hata siku moja, macho ninayo. Ndivyo nilivyokuwa.

Basi, baada ya siku mbili za kutotulia nilimwambia jirani yangu amlete mtoto tena. Nikamwomba tabibu aandike nyonga. Nikatoa filamu moja kubwa, nikamlaza mtoto chali kwenye meza, nikamwambia akunje magoti, aunganishe nyayo, aachie mapaja yafunguke pembeni kama chura. Hapo mfupa wa paja unageuka, unaonekana kwa ubavu, na kichwa kilichorudi nyuma hakina pa kujificha. Sikumlazimisha. Hilo nalo yule mzee alituambia: mtoto anayeweza kukanyaga, mwache afungue mapaja mwenyewe kadiri awezavyo, na asiyeweza kukanyaga kabisa usimguse mapaja. Aliyafungua kidogo. Akaniuliza, "Mama mdogo, bibi bado amenikasirikia?" Nikamwambia atulie nisiharibu filamu.

Nikaosha filamu, nikaitundika kwenye kamba, ingali na maji. Nikatazama nyonga ya kulia. Nikatazama ya kushoto. Zilifanana. Mtoto hakuwahi kulalamika upande wa kushoto, kwa hiyo nikajiambia ya kushoto ni nzima, na ya kulia inafanana na ya kushoto, basi ya kulia nayo ni nzima. Hesabu yangu iliniridhisha. Nikachungulia dirishani, nikamwambia dada yangu aliyekuwa anasubiri na mwanawe barazani: "Safi. Nyonga ni safi zote mbili."

"Unasikia?" akamwambia binti yake. "Safi! Kesho kutwa gulioni unabeba beseni lako kama wenzako."

Siku ya pili jenereta liligoma, nikashinda nyumbani nafua. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ya gulio, nilifika kazini asubuhi, jenereta limeshatengenezwa, nikakuta ile filamu imekauka kwenye kamba, haijachukuliwa. Niliitoa niiweke kwenye bahasha. Nikaiweka. Nikaitoa tena. Nikaenda kunywa chai, nikaiacha mezani nikarudi. Jamani, nilikasirika! Nilimkasirikia yule mzee, nikamkasirikia yule mtoto na goti lake, nikajikasirikia mimi kwa kuhangaika kwa sababu ya picha niliyoisema ni safi.

"Haya, nachora," nikasema peke yangu kwa sauti, "nichore tuone, tumalize."

Rula sikuwa nayo. Nilichukua kipande cha filamu ya zamani, ukingo wake umenyooka vizuri, nikaweka picha kwenye sanduku la mwanga, nikalaza ule ukingo kwenye mpaka wa juu wa shingo ya paja la kulia, nikavuta penseli ya nta. Mstari ukapanda. Ukapita kando ya kichwa. Haukukigusa.

Nikasema nimekosea. Nikafuta kwa pamba, nikachora tena. Ukapita vilevile.

Nikachora kushoto. Huko mstari uliramba kichwa kidogo tu, ukingoni kabisa, pasipo kukikata. Kushoto kulikuwa kunateleza pia, kimya kimya, bila maumivu. Ndiyo maana zilifanana. Nilikuwa nimelinganisha mgonjwa na mgonjwa nikasema wote wazima.

Sikujiamini bado. Nikapekua kabati nikatoa picha ya mvulana wa umri uleule aliyeanguka mtini mwaka uliotangulia, akapigwa nyonga kwa mkao huohuo, akakutwa hana tatizo. Nikamchora yeye. Mstari ulikata kichwa chake, pande zote mbili, kipande kizuri cha kuonekana. Nikakaa chini kwenye kigoda. Nikamwona yule binti na beseni la dagaa kichwani, akipanda ule mlima wa kwenda gulioni, kwa sababu mimi nimesema safi.

Nilimweleza tabibu kwa maneno mafupi. Hakubishana, aliikodolea macho ile picha, akasema asikanyage tena, atafutwe sasa hivi, akaenda kutafuta gari. Nikachukua baiskeli ya mlinzi na picha zote mbili chini ya kwapa. Njia ya gulioni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, milima tupu. Mahali pa kupanda nilisukuma, mahali pa kushuka niliachia bila breki, kwa sababu breki hazikuwepo. Niliokutana nao walinisalimia, nikawapita bila kujibu, watu wa kwetu wakabaki wanashangaa amepatwa na nini huyu. Nilikuwa nasema, "Mungu wangu asianguke, asianguke tu, nitachora kila nyonga mpaka nife."

Gulio lilikuwa limechangamka. Nikawaona kwa mbali, karibu na wauza mihogo. Dada yangu amesimama anapima dagaa kwa kikopo, binti amekaa juu ya debe lililopinduliwa, miguu ameinyoosha. Nilipomwona amekaa nilitaka kucheka kwa furaha. Nikatupa baiskeli.

Naye akaniona. Na huyo mtoto, ambaye nilimfokea mlangoni kwangu, aliponiona ninakuja mbele za watu, akaweka mkono kwenye debe, akainuka, akaanza kushuka apige magoti.

Nilipiga kelele gulio zima likageuka. "Usipige magoti! Usishuke! Simama hivyohivyo!"

Hakuelewa. Alidhani ninamfokea kwa kuchelewa, akaharakisha. Goti likaanza kumkimbilia nje. Sijui nilifikaje. Nilimdaka chini ya makwapa, mzito kama alivyokuwa, nikamvuta juu, nikarudi naye nyuma tukakaa wote wawili juu ya magunia ya mihogo ya watu. Nilikuwa nalia, naye analia, mwenye mihogo anatutukana.

"Mdogo wangu, una wazimu?" dada yangu akauliza.

"Mwanao asikanyage tena. Nyonga zimeteleza. Zote mbili."

"Juzi ulisema safi."

"Nilisema."

"Ulisema mbele yangu, safi zote mbili."

"Nilikosea, dada. Niliangalia vibaya."

Akaweka kikopo chini. Macho yake sikuweza kuyatazama. "Sasa leo nikuamini kwa lipi?"

Alikuwa na haki. Nikatoa zile picha, nikaziinua zote mbili dhidi ya anga, jua likiwa nyuma yake. Nikamwambia huyu ni mtoto wa mtu mwingine, mzima. Fuata mstari huu kwa kidole. Akafuata kwa kidole chenye magamba ya dagaa, mpaka mstari ulipoingia kwenye kichwa cha mfupa na kukikata. Nikamwambia huyu ni wako. Akafuata. Kidole kikapita hewani juu ya kichwa, hakikugusa kitu. Akarudia upande wa pili. Muuza dagaa amepima kwa macho maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Ametembea hivi miezi yote," akasema taratibu. "Nami namwita mvivu." Akakaa chini karibu na mwanawe, akamshika nyayo.

Wanaume walikata miti miwili, wakafunga magunia, tukapata machela. Wakambeba kwa kupokezana mpaka barabara kubwa, ambako gari la hospitali lilitukuta. Mtoto alilazwa juu ya godoro, mapaja yamebanwa kwa mablanketi pande zote yasicheze, na kila shimo la barabara ya kwenda Kasulu nilimshikilia mabega. Dada yangu hakusema nami njia nzima. Sikumlaumu.

Yule mzee mkali alikuwepo. Aliweka picha kwenye mwanga, akaitazama mistari yangu ya nta iliyopindapinda kidogo. Nilijiandaa kwa maneno.

"Nani amechora?"

"Mimi. Lakini nilichelewa siku mbili. Nilisema safi kabla ya kuchora."

"Lakini amefika akiwa bado anakanyaga," akasema. "Wengi huletwa baada ya kuanguka." Kesho yake alimpeleka chumba cha upasuaji, akapitisha skrubu moja kila upande, kupitia shingo mpaka ndani ya kichwa, vichwa visisogee tena. Hakukirudisha kichwa mahali pake. Alisema kukilazimisha kirudi ndiko kunakokiua, kitakaa hapohapo kilipofika, kwa hiyo mguu wa kulia utabaki umegeuka nje kidogo, na kuchuchumaa hatachuchumaa kama zamani. Lakini atatembea.

Mama yangu aliposikia alikuja hospitali, nyumba yake haikuwa mbali. Nilimweleza yote, mpaka lile la mlangoni, kwamba mtoto hakukataa kupiga magoti, alikuwa hawezi. Akawa anapeleka uji kila asubuhi.

Baada ya wiki kadhaa binti alianza magongo. Mama akaomba wapite kwake kwanza kabla ya kurudi Kibondo. Nilikuwepo siku hiyo, na dada yangu, ambaye alikuwa ameanza kunijibu salamu. Mama alikuwa mkekani mlangoni, kama siku ile. Binti akaja polepole kwa magongo yake, akasimama mbele yake, akatazama chini kwa aibu. Akaanza kuyaegemeza magongo ukutani, ashike ukingo wa mlango.

"Acha," mama akasema.

Akainuka mkekani kwa shida, maana naye magoti yake yalikuwa yamezeeka, akamsogelea yule mtoto. Kisha mama yangu, mama wa salamu ndefu, akapiga magoti mavumbini mbele ya binti wa miaka kumi na miwili, akapiga makofi taratibu.

"Habari za nyumbani, mjukuu wangu?" akauliza. "Habari za shamba? Habari za ng'ombe?"

Binti akatutazama sisi, hajui kama anaruhusiwa. Halafu akajibu moja moja, amesimama wima, mpaka zilipokwisha zote.